Baba Akioa Tena, Mama Akiolewa Tena: Nani Ana Haki ya Kukataa, na Thumuni Ni Kiasi Gani Hasa

Mombasa haipungukiwi na mazungumzo siku inapojulikana kwamba mzee fulani aliyefiwa na mkewe amepeleka posa kwa mama wa makamo mtaa wa pili. Barazani kahawa husahauliwa ikapoa. Mmoja atasema kwamba mzee hawezi kuoa kabla ya kukaa na wanawe wakamridhia. Mwingine atasema kwamba mama yule hawezi kuolewa mpaka mwanawe wa kwanza atoe idhini, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume wa nyumba ile sasa. Wa tatu, na huyu ndiye husikilizwa zaidi, atasema kwamba mke mpya akishaingia ndani, mzee akifa, nusu ya nyumba imekwenda. Kauli zote tatu hurudiwa kwa uhakika mkubwa, na zote tatu si za kweli. Hata hivyo zimezuia ndoa nyingi za watu wazima waliobaki peke yao baada ya watoto kuhamia Nairobi, Bamburi au Ughaibuni, na mbaya zaidi, zimezisukuma ndoa nyingine zikafungwa kwa siri.

Makala haya yanahusu ndoa hizo katika familia za Kiislamu za hapa Mombasa, ambazo mambo yao ya ndoa na mirathi huamuliwa kwa sheria ya Kiislamu, na mzozo ukizuka hupelekwa katika mahakama ya kadhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeipa mahakama hiyo mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikilizwa hapo. Jirani Mkristo au Mhindu asiyachukue mafungu nitakayoyataja hapa akayatumia nyumbani kwake, kwa sababu mirathi yake inaongozwa na sheria nyingine.

Maneno tutakayoyahitaji

Mwanamke aliyefiwa na mume huitwa mjane, na mwanamume aliyefiwa na mke ni mgane, ingawa katika mazungumzo ya kila siku watu wengi humwita naye mjane. Mjane aliye ndani ya eda huitwa kizuka. Eda ya kufiwa ni miezi 4 na siku 10, na umri hauipunguzi: kuna wanaodhani kwamba bibi wa miaka 70, kwa kuwa hazai tena, hana haja ya kukaa eda, lakini hukumu yake ni ile ile ya mjane wa miaka 25, isipokuwa mwenye mimba ambaye eda yake huisha kwa kujifungua. Mwanamume hana eda. Walii ni mwanamume wa upande wa baba wa bibi arusi anayemwozesha. Na thumuni, neno ambalo bibi zetu walilitumia sokoni kwa sarafu ndogo, katika mirathi ni sehemu moja ya nane.

Je, mwana ndiye walii wa mama yake?

Hili ndilo lililochafua mambo kuliko yote, basi tulitazame kwa utulivu. Baba hahitaji idhini ya mtu yeyote kuoa. Anaweza kuwataka wanawe ushauri, na ni vyema afanye hivyo, lakini ndoa yake haisimami wala haianguki kwa jibu lao. Kwa mama, walii ni lazima, na hapo ndipo mwana mkubwa hujiona ameshika ufunguo.

Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo mwana hawi walii wa mama yake kwa sababu tu ya kuwa ni mwanawe. Uwalii unapita kwenye ukoo wa baba wa mwanamke: baba yake, kisha babu yake mzaa baba, kisha ndugu yake wa baba na mama, kisha ndugu wa baba, kisha watoto wa kiume wa ndugu hao, kisha ami zake na watoto wao wa kiume. Mwana ni wa ukoo wa mume, si wa ukoo wa mama yake, ndiyo maana hayumo katika safu hiyo isipokuwa awe na uhusiano mwingine wa damu, kwa mfano baba na mama yake wakiwa ni watoto wa ndugu wawili wa kiume. Madhehebu mengine yanasema vingine, na yapo yanayomtanguliza mwana, lakini mtu wa Mombasa anayesema "sikuidhinisha, kwa hiyo mama haolewi" huku akijiita Mshafii anadai cheo ambacho madhehebu yake hayakumpa.

Kwa mama wa miaka 63, baba na babu kwa kawaida wamekwisha kufariki, na pengine ndugu zake pia. Mara nyingi uwalii humwangukia mtoto wa ndugu yake, kijana ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni na kumlisha uji. Nimemwona kijana wa namna hiyo akiushika mkono wa bwana arusi aliyemzidi miaka 40, sauti ikimtetemeka kwa haya, na baada ya hapo akainama kuibusu mikono ya shangazi yake. Kilikuwa kisomo kizuri kuliko vingi nilivyohudhuria. Walii akikataa bila ya sababu ya kisheria, na mwanamke amemtaka mtu anayelingana naye, jambo hupelekwa kwa kadhi, naye kadhi ana mamlaka ya kuozesha mwenyewe.

Jambo moja zaidi hapa. Mwanamke aliyewahi kuolewa hawezi kuozwa bila ya kusema kwa ulimi wake kwamba amekubali. Msichana bikira kunyamaza kwake huchukuliwa kuwa ni ridhaa. Mjane hanyamaziwi hivyo. Kwa hiyo watoto wanaompangia mama mume "wa kumtunza" bila ya kumuuliza wamekosea kwa upande wa pili wa kosa lile lile la wanaomkataza.

Hesabu ya nyumba

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, maana aghalabu neno "heshima" likivuliwa shuka chini yake huonekana nyumba. Tuchukue mfano, nilioutunga kwa mambo ya kawaida ya mji huu. Mzee wa miaka 71, mstaafu wa bandarini, anaishi Majengo katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, vinne kati ya hivyo amepangisha. Ana watoto wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wote wana nyumba zao kwingine. Mkewe amefariki miaka mitatu iliyopita. Wazazi wake mzee wamekwisha kufa. Nyumba yake, kama nyingi za Majengo, ni nyumba isiyo na ardhi: kuta na bati ni zake, kiwanja ni cha mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Hilo lazima likumbukwe, kwa sababu kinachorithiwa hapo ni jengo, na watoto wanaogombana kana kwamba kuna hati ya kiwanja wanagombania kitu ambacho baba yao hakuwa nacho. Tuseme jengo hilo lina thamani ya shilingi 4,000,000, na hana mali nyingine.

Mzee anamwoa mjane wa miaka 63 anayepika mahamri na mbaazi asubuhi na kuuzia jirani zake. Kisha, kwa kudra ya Mungu, mzee anatangulia. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, na katika madeni hayo imo mahari yoyote ambayo hakuimaliza kumlipa mkewe. Kisha wasia kama upo, usiozidi thuluthi moja. Tuchukulie kwamba hakuwa na deni wala wasia, zikabaki shilingi 4,000,000 kamili.

Mke, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, anapata thumuni, yaani shilingi 500,000. Zinazobaki, 3,500,000, ni za watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Wanaume watatu ni mafungu sita, mwanamke fungu moja, jumla mafungu saba, kila fungu shilingi 500,000. Kwa hiyo kila mwana wa kiume anapata 1,000,000, na binti 500,000.

Kama baba asingeoa, shilingi 4,000,000 zingegawanywa kwa mafungu yale yale saba, na kila mwana wa kiume angepata takriban 1,143,000, na binti takriban 571,000. Tofauti kwa kila mwana wa kiume ni shilingi 143,000 hivi, na kwa binti 71,000. Hicho ndicho kiasi kinachozungumzwa barazani kama "nusu ya nyumba". Sisemi kwamba ni pesa za kutupa. Mtu anayepanga chumba Kisauni hawezi kuzidharau. Nasema kwamba mtu anayemzuia baba yake kupata mwenzi ajue bei halisi ya alichokizuia.

Na hesabu haiishii hapo, kwa sababu hakuna ajuaye nani atatangulia. Mama wa mahamri naye ana kiwanja Likoni alichoachiwa, chenye thamani ya shilingi 1,600,000, na watoto wawili wa marehemu mumewe, wa kiume na wa kike. Yeye akifa kwanza, mume wake mpya anapata robo, shilingi 400,000, kisha mwanawe wa kiume 800,000 na wa kike 400,000. Mume hurithi robo pale ambapo mke ana watoto, hata wakiwa si watoto wa mume huyo. Ni ajabu jinsi watoto wa mzee wanavyoikariri thumuni kwa moyo na kuisahau robo. Wanaostahiki kuogopa zaidi, tukienda kwa mafungu, ni watoto wa mama.

Watoto wa kambo wao hawarithi chochote kutoka kwa mume wa mama yao au mke wa baba yao. Hata hivyo hofu moja ya watoto wa mzee ina msingi: mama akishapata thumuni yake kisha naye akafariki, fungu hilo litakwenda kwa warithi wake, na hivyo watoto wa mwanamume mwingine wanaweza kujikuta na sehemu katika nyumba ya Majengo. Njia ya kawaida ya kuliepuka hilo ni warithi kukubaliana naye, baada ya kifo, na kumnunulia fungu lake kwa pesa taslimu. Watoto wanne kuchangishana 500,000 ili nyumba ibaki ya kwao ni jambo linalowezekana, na kodi ya vyumba vinne inaweza kusaidia, mradi ikumbukwe kwamba mpaka siku ya kumlipa, thumuni ya kodi hiyo pia ni yake.

Makaratasi yasiyofanya kazi

Familia zenye wasiwasi hukimbilia karatasi, na mbili kati ya karatasi hizo nazitaja kwa sababu nimeona watu wakizihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa huku hazina nguvu waliyoidhania.

Ya kwanza ni ile ambayo bibi arusi hutakiwa aitie sahihi kabla ya nikaha, akisema kwamba hatadai mirathi. Haki ya mirathi haizaliwi mpaka mtu afe. Kuisamehe kabla ya hapo ni sawa na mvuvi kugawa samaki ambao bado wamo baharini. Mume akishafariki, mke ana hiari ya kusamehe au kudai, na ile sahihi ya zamani haimfungi.

Ya pili ni karatasi ya baba inayosema, "Nikifa, nyumba ni ya wanangu peke yao." Huo ni wasia kwa warithi, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine wakiuridhia baada ya kifo, akiwemo mke. Kama baba anataka kuwapa watoto nyumba, njia iliyopo ni hiba, nayo hiba ni kutoa sasa, akiwa mzima, na kuwakabidhi waishike. Akiandika hiba huku yeye ndiye anayeendelea kukusanya kodi na kuamua kila kitu mpaka anakufa, mke ana hoja ya kuipinga. Akiitoa akiwa katika maradhi yanayomuua, huhesabiwa kama wasia. Na akiitoa kwa dhati, basi yeye na mkewe wanakuwa wageni katika nyumba ya watoto. Binafsi sipendi kumwona mzee wa miaka 71 akijivua paa lake mwenyewe ili aruhusiwe kuoa.

Kuna karatasi moja tu ambayo ningependa kila familia ishughulike nayo kabla ya posa kupelekwa, na ni ile inayoachwa: mgawo wa mirathi ya mama aliyefariki. Turudi kwa mzee wetu. Mkewe wa kwanza aliacha dhahabu na akiba zenye thamani ya shilingi 560,000, na kwa miaka mitatu hakuna aliyezigusa, kwa sababu kuzigawa kulionekana ni kuharakisha kumsahau. Mke mpya anaingia, anafungua kabati kutafuta shuka, anakuta bangili. Hapo hata awe na moyo wa dhahabu kuliko bangili zenyewe, binti wa marehemu atasikia uchungu usio na dawa. Kumbe mgawo wake ni mwepesi: mzee anapata robo, 140,000, zinabaki 420,000, mafungu saba ya 60,000, kila mwana wa kiume 120,000 na binti 60,000, na watoto wanaweza kukubaliana kwamba bangili zihesabiwe katika fungu la binti. Jambo hili likiisha kabla ya nikaha, mke mpya anaingia katika nyumba ambayo mali ya marehemu haimo tena. Ugomvi mwingi unaoitwa wa "mama wa kambo" nijuavyo mimi ni ugomvi wa mirathi ya mama mzazi ambayo haikugawanywa.

Maji ya moto

Hesabu peke yake haielezi kwa nini watu wanaona haya kwa niaba ya wazee wao. Sikiliza namna tunavyozungumza. Mgane akioa, watu husema anahitaji mtu wa kumpashia maji ya kuoga na kumkumbusha dawa ya presha. Anaruhusiwa kuoa kwa sharti kwamba ndoa yake iwe uuguzi, na kwa sababu hiyo hushauriwa atafute mwanamke wa miaka 40 mwenye nguvu, asitafute wa rika lake. Mjane akitaka kuolewa hana hata kisingizio cha maji ya moto, maana yeye ndiye hutarajiwa kuyapasha. Basi husemwa kwamba hana haya, kwamba wajukuu wamemkinai, kwamba amesahau wema wa marehemu.

Akina mama husikia vizuri lugha hiyo. Mmoja aliwahi kuniambia kwamba aliikataa posa ya kwanza kwa kuwa mjumbe aliorodhesha maradhi ya bwana kuliko alivyomtaja bwana mwenyewe, na aliikubali ya pili kwa kuwa mzee alituma kuuliza kama yeye hupenda kutembea jioni ufukweni Mama Ngina. Alitaka mtu wa kuzungumza naye. Watoto wake watano humpigia simu kila siku, humtumia pesa, humletea dawa, nao ni watoto wema kwa kila kipimo. Lakini simu hukatwa saa tatu usiku, na usiku wa mtu aliyezoea pumzi ya mwenzake kwa miaka 35 ni mrefu kuliko wanavyofikiri.

Si upweke tu. Watu wazima hutamaniana, hutaniana, huoneana wivu. Mwili hubadilika, kweli: mwanamke baada ya kukoma hedhi hupata ukavu unaoumiza, na sukari, presha na baadhi ya dawa zake hupunguza nguvu za mwanamume. Haya yana tiba, na pa kuanzia ni kumwambia daktari bila ya kuzunguka. Ninachokiogopa ni mzee anayeona haya hospitalini akaenda kununua vidonge vya kuongeza nguvu dukani kimya kimya, hali yeye anatumia dawa ya maumivu ya kifua ya jamii ya naitreti. Dawa hizo mbili zikikutana mwilini, presha inaweza kushuka ghafla kiasi cha kuua. Haya yetu kwa wazee si jambo dogo. Ndiyo inayomfanya asiulize.

Wanaosema kwamba dini haikuyataka haya wakumbuke kwamba Mtume mwenyewe, alipofiwa na Bi Khadija akiwa na umri wa miaka 50 hivi, alimwoa Bi Sauda binti Zam'a, mjane mtu mzima. Na Bi Khadija naye alikuwa mjane alipoolewa naye. Kumwoa mjane aliyekomaa ni katika mambo ya mwanzo kabisa ya dini hii.

Ndoa iliyofungwa gizani

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linanikera kiasi cha kuliandikia. Watoto wakikataa, wazee mara nyingi hawaachi. Wanaoana kimya. Hupatikana walii, mashahidi wawili, shekhe wa mtaa wa mbali, na nikaha hufungwa baada ya alasiri bila ya halua wala hina. Kwa sheria ya dini ndoa imetimia. Lakini haikuandikishwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa za Kiislamu nazo ziandikishwe, na inamtambua kadhi, shekhe au imamu aliyeidhinishwa na Msajili kuifungisha. Wazee wetu hawa hawana cheti, kila mmoja anaendelea kuishi kwake, na mzee huenda kwa mkewe "kuswali magharibi mtaa ule".

Kisha mzee anaanguka usiku mmoja. Hapa kwetu maiti hailali; akifa alfajiri, adhuhuri au alasiri amezikwa. Mke anapata habari kwa jirani. Anafika matangani amevaa buibui lake kama waliaji wengine, anakaa nyuma ya ukumbi, na hakuna anayempa pole ya mke. Eda imemlazimu tangu dakika ile, miezi 4 na siku 10, na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ana haki ya kukaa ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi kama mke kwa muda wote wa eda. Ataidai wapi haki ya makazi katika nyumba ambayo haikuwahi kumjua?

Baada ya arubaini anakwenda, au nduguye anamwendea, kwa wana wa marehemu. Wanasema hawamjui. Anakwenda mahakama ya kadhi. Sasa inabidi aithibitishe ndoa: walii aje aseme, mashahidi wawili waje, shekhe atafutwe. Shahidi mmoja amehamia Tanga, mwingine amefariki. Kesi inayumba, mgawo wa nyumba unasimama kwa sababu haiwezekani kuhesabu mafungu kabla ya kujulikana kama kuna mke, wapangaji wanaacha kulipa kwa kuwa hawajui wamlipe nani, na watoto wanne ambao wangepungukiwa na shilingi 143,000 hivi kila mwana wa kiume, na 71,000 binti, wanatumia pesa na miezi mingi kumkana mwanamke aliyekuwa wa mwisho kumfurahisha baba yao. Kukataa kwao hakukuizuia ndoa. Kumeizuia kujulikana tu, na kwa kutojulikana kwake ndipo yakaja yale yale waliyokuwa wakiyaogopa.

Linganisha na mzee wetu wa Majengo, tukimpa watoto waliosikiliza hesabu. Mirathi ya mama yao inagawanywa mwezi mmoja kabla. Mwana mkubwa ndiye anayepeleka posa, kwa walii, ambaye ni mtoto wa kaka wa bibi arusi. Mahari inalipwa yote siku hiyo hiyo ili isiwe deni. Nikaha inafungwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, cheti kinachukuliwa, nakala moja inabaki kwa binti. Wanaoana wanakubaliana kuishi kwa mke, Likoni, kwa sababu katika nyumba ya Majengo kila ufa wa ukuta unamkumbusha mzee marehemu, na mke hataki kushindana na ufa. Mwana wa pili, yule anayeishi Nairobi, hakuridhia na hakuja. Hilo lipo na litabaki. Hakuna hesabu inayomlazimisha mtu kufurahi. Lakini jina la mke wa baba yake analijua, na namba yake ya simu anayo. Siku mzee atakapoanguka, mtu wa kwanza kumpigia mwana huyo atakuwa ni mke huyo, akimwambia akate tiketi ya treni ya usiku, wanamngojea kwa kumzika baba yake.